Vimondo Baada ya Saa Sita

"Kumi na saba," mtoto alisema, akachora mstari mwingine nyuma ya tiketi.

Baba yake, muosha mabasi, alikuwa amempisha kiti cha dirishani. Taa za ndani ya basi zilikuwa zimezimwa, na kondakta alilala mdomo wazi kama anayesubiri kunyweshwa dawa.

"Baba, nyota zikianguka hivi si zitakwisha?"

"Hizo si nyota, Profesa. Ni vimondo. Punje za vumbi, kama mchanga. Zinaingia hewani kwa kasi ya ajabu, makumi ya kilomita kwa sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake inabanwa, inapata joto kali, na punje inaungua huko huko juu, kilomita mia hivi. Hazitufikii."

"Lakini kabla ya saa sita nilipata vinne tu. Mbona sasa vinakuja mfululizo?"

"Nikiosha basi, wadudu huwa wamegandia kioo kipi?"

"Cha mbele."

"Enhe. Dunia nayo iko safarini, inalizunguka jua. Jioni sisi tuko kioo cha nyuma. Baada ya saa sita usiku tunageukia mbele, tunaligonga vumbi."

"Vumbi la nani?"

"La kometi, nyota yenye mkia. Ikikaribia jua, barafu yake inageuka mvuke na vumbi linabaki njiani. Yenyewe ilishakwenda zake. Dunia inakatiza njia hiyo kila mwaka, siku hizi hizi."

"Nani kakwambia?"

"Redio ya gereji. Zamu ya usiku huna wa kuongea naye."

Mtoto alifikiri kidogo. "Basi mwaka kesho, tarehe hii, tutahesabu tena. Wewe dirisha lile, mimi hili."

Baba alikwepesha macho, akamfunga kifungo cha sweta. Alikuwa amemwambia wanakwenda kumsalimia mama yake kwa wiki moja. Kwenye buti kulikuwa na sanduku lenye nguo zote za mtoto, hata cheti chake cha kuzaliwa.

"Baba?"

"Nakusikia."

"Mwaka kesho nitakuwa wapi?"

"Kwa mama yako. Utasoma kule. Siwezi tena kukufungia ndani peke yako usiku kucha, mwanangu."

"Ulisema wiki moja."

"Nilikudanganya. Nisamehe."

Mtoto hakulia. Aligeukia dirisha. Kimondo kikapita, kirefu, kikaacha mchirizi, lakini mtoto hakuchora kitu.

"Kumi na nane," baba alijaribu. Kisha, baadaye, "Kumi na tisa." Halafu akaacha.

Kulipokucha basi liliingia stendi. Mama alikuwa anangoja, amejitanda khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekua jamani!"

Mtoto alimpa baba yake mkono, kama mtu mzima, akaondoka bila kugeuka. Baba alisimama mpaka wakapinda kona, ndipo akaenda dirisha la tiketi.

"Wangapi?" karani aliuliza.

"Mmoja," alisema.