Kaburi la Esekon, na Esekon Mwenyewe Yupo

Ukitaka kujua kama mtu ni maiti, waulize mbwa. Esekon aliporudi Kakuma kutoka Kapoeta, ng'ambo ya mpaka, alikokaa miaka mingi akichimba dhahabu, mbwa wa mtaa walimtazama, wakalala tena. Hata jogoo wangu, anayepigana na pikipiki, alimpisha njia. Niliyaona haya mimi, na siku hizo macho yangu yalikuwa bado mazima.

Tulikuwa tumeshamzika. Maiti iliokotwa kando ya barabara ya Nadapal, kule mpakani, fisi wameuharibu uso, na karibu yake kulikuwa na ekicholong, kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Mtu hatoi kigoda chake. Mkewe, Akidor, aliona alama ya moto aliyoichoma Esekon kwa mkono wake, akapiga yowe. Kifo kikasajiliwa Lodwar. Tangu hapo, ukilitafuta jina la Esekon kwenye mashine ya serikali, jibu ni marehemu. Hakupata kitambulisho, na bila kitambulisho hata kizuizi cha polisi hapiti. Akidor alimwekea chakula nje, akarudi ndani bila kumtazama.

"Mzee, nipeleke mahakamani," Esekon aliniambia. "Wewe ndiye uliyechimba lile kaburi."

Tukaenda Lodwar. Alama za vidole zikalingana na zile alizotoa zamani, hakimu akatoa amri: usajili wa kifo chake ubatilishwe. Tukaibeba amri mpaka kwa msajili, Madam Chelangat, mama mrefu asiyeinua sauti.

"Ejok, wazee," alitusalimu. "Nani amekufa?"

"Mimi," Esekon akajibu.

Madam akaichukua amri. Kwanza alipiga simu mahakamani kuuliza kama kweli imetoka kwao. Kisha akafungua daftari, akafuata mistari kwa kidole.

"Amri ya mahakama iko juu ya daftari langu," alisema. "Hapo sina ubishi. Lakini humu kwenye amri jina ni lako, na nambari ya usajili ni ya marehemu mwingine, mama mmoja wa Kalokol kule ziwani, Akoru."

"Basi fuata jina, madam!" Esekon akasema.

"Nani amenipa kazi ya kuchagua? Nikifuata nambari, namfufua Akoru. Nikifuata jina, nimejifanya hakimu. Amri itarudi kwa aliyeitoa, airekebishe."

"Mfufue tu," nikasema. "Pengine bado ana hamu ya samaki."

Hakucheka. Akaiandikia mahakama. Siku tulizongoja, Esekon alilala kwa binamu yangu, ameketi, mgongo ukutani. Hakukubali kuweka kichwa chini.

Amri iliyorekebishwa ikafika. Chelangat akaandika pembeni mwa daftari: tarehe, nambari ya kesi, sahihi yake. Esekon akainama kutazama.

"Mbona hujanifuta? Bado nasomeka nimekufa."

"Daftari halifutwi. Atakayesoma ataona kilichoandikwa, na pembeni ataona amri iliyokitangua. Kuanzia leo uko hai, na watu wa vitambulisho nitawaarifu." Akaweka kalamu chini. "Sasa niambieni. Nimeondoa jina, lakini maiti sijaiondoa. Mle kaburini kuna nani?"

Feni ilisimama. Naapa haikuguswa na mtu, na umeme ulikuwepo.

"Mou," Esekon akasema. "Kijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tuliagana Nadapal, yeye akirudi kwa mamake, mimi nikirudi machimboni. Kichwa kilikuwa kinamuuma, nikampa kigoda alalie njiani. Tangu nirudi, nikilala nasikia mtu akipumua chini ya shingo yangu. Ananiuliza, 'Mbona waliniita kwa jina lako?'"

"Na hukusema?" Chelangat akauliza.

"Mamake, Adut, bado anamwekea sahani. Nikifungua mdomo, namuua Mou mbele yake." Akafuta uso. "Andika tu jina lake hapo, madam."

"Siwezi. Kosa ndivyo lilivyoanza, mtu kuandikwa kwa sababu ya kigoda. Polisi wachunguze, mamake ajulishwe, na ikibidi mahakama iamuru kaburi lifukuliwe. Lakini kiapo chako ndicho mwanzo. Jana nisingekipokea. Maiti haiapi."

Kwa hiyo jambo la kwanza Esekon alilofanya na uhai wake lilikuwa kwenda kambini. Nilimfuata nyuma, nikiwa nimefunga mdomo, jambo ambalo Kakuma nzima haitaliamini. Tulipokaribia ua wa Adut, mbwa wakatutokea mbio wakimbwekea Esekon, wamesimamisha manyoya. Yeye akatabasamu, kisha tabasamu likafifia.

Adut akatokea mlangoni, akawatuliza mbwa.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Esekon," alisema, akiketi chini mchangani. "Mwanao alizikwa kwa jina langu."