Vidonge Ndani ya Kopo la Mafuta

Mjomba alikuwa na kimbelembele cha kuzaliwa nacho, na asubuhi ile kilimtuma apange upya mizigo ya dada yake, Mama, bila kuulizwa. Yeye ndiye angemsindikiza Mama kwa mwanawe wa kwanza, safari ya saa tisa angani. Binti wa Mama, muuguzi, alikuwa amemaliza kazi hiyo jana yake: insulini kwenye mfuko wa baridi, sindano, vidonge vya presha kwenye pakiti zenye jina la Mama, cheti cha dawa na barua ya daktari, vyote ndani ya begi la mkononi.

Walipofika kaunta ya uwanja wa ndege, sanduku likiwa tayari kwenye mzani, muuguzi alifungua begi ili ahakikishe. Akakutana na ndala za Mjomba, zimeganda uchafu mweusi wa nyayo, zimelalia karanga zilizoanza kuvunda.

"Mjomba, dawa ziko wapi?"

"Tulia, mwanangu. Zimo kwenye sanduku. Mkononi tunabeba vya kutumia njiani."

"Na insulini?"

"Sanduku lina kufuli. Unataka usalama gani tena?"

Insulini ikiganda kwa baridi kwenye tumbo la ndege ni ya kutupwa, na sanduku likipotea, Mama angefika ugenini bila sindano hata moja. Karani alikuwa ameshabandika lebo. "Dada, tafadhali usilipeleke!" muuguzi alimpigia karani kelele.

Walilifungua pale pale sakafuni, foleni nzima ikitazama. Insulini ilikuwa salama. Barua na cheti vilikuwa vimesokomezwa ndani ya kiatu, vinanuka soksi lakini vinasomeka. Vidonge havikuonekana. Mjomba akatoa kopo kuukuu la mafuta ya nywele, akitabasamu.

"Pakiti zinakula nafasi. Nimevibandua kimoja kimoja, saa nzima!"

Vidonge vilikuwa vimelowa mafuta na kushikana kama uji uliolala, na unywele wa mvi umejizungusha juu yake. Muuguzi alikuwa ameosha vidonda vya watu miaka kumi na tano bila kukunja uso. Hapo alishika mdomo.

"Mama angevimeza hivi?"

"Si angevifuta kwanza!"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Mjomba zilikuwa zimenyolewa. Muuguzi alichukizwa naye kiasi cha kushindwa kumtazama.

Kwenye duka la dawa la uwanjani, mfamasia alikishika cheti kwa ncha za vidole, akasoma, akatoa vidonge vipya na kubandika jina la Mama kwenye kila pakiti. Muuguzi akapanga kila kitu upya, barua juu kabisa ili wakaguzi waione.

Waliporudi kaunta, Mjomba alinyoosha mkono alibebe begi. Mama alilivuta kifuani.

"Mdogo wangu, nakupenda," alisema. Kisha akamgeukia karani. "Mwanangu, mna mtu wa kunisaidia mpaka kwenye kiti changu? Huyu hasafiri."