Kilichobaki kwa Kamanda

Tangazo lilimkuta Chiriku jikoni, mkono mmoja umeshika sufuria na mwingine simu. Mkurugenzi alikuwa amelituma kwenye kundi la wafanyakazi wote wa kituo, nalo lilikuwa fupi kama kofi: "Kuanzia leo Kamanda hahusiki tena na chumba cha simu. Mambo yote yapelekwe kwa naibu wake. Asanteni kwa ushirikiano."

Alilisoma mara mbili. Naibu ni yeye. Na walichokubaliana hakikuwa "mambo yote".

Kituo chao kilipokea simu za dharura na kutuma magari ya wagonjwa. Kamanda ndiye aliyekisimamia tangu kikiwa na gari moja bovu, na ndiye aliyemtoa Chiriku kwenye dawati la mapokezi akamfundisha kusikiliza. "Mtu anayelia hakupi habari," alikuwa akimwambia. "Ngoja avute pumzi. Habari iko kwenye ile pumzi." Jina la Chiriku alimpa yeye, kwa sababu ya mdomo wake usiopoa, na lilimganda hata mumewe akasahau kumwita jina jingine.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alipiga simu akitaja Mtaa wa Chuo, Kamanda akatuma gari Mtaa wa Juu. Mgonjwa alipona, kwa bahati tu. Chiriku alipoisikiliza ile simu iliyorekodiwa, sauti ilikuwa safi kabisa. Akatafuta nyingine, akakuta kosa jingine, na jingine. Sauti za wanawake na watoto zilikuwa zinampita mzee wa watu kama maji kwenye chujio.

Alimfuata ofisini, akafunga mlango, akamwambia. Kamanda hakubisha. Alikaa kimya mpaka Chiriku akadhani hakumsikia, kisha akasema, "Simu nitaziacha. Andikeni chochote, mwanangu, ila msiandike masikio. Nikishaitwa kiziwi, hakuna dereva atakayenisikiliza tena."

Chiriku aliahidi. Akaandika tangazo refu lililopangika: wapokea simu watakuwa chini yake, naye atawajibika moja kwa moja kwa mkurugenzi, Kamanda anabaki msimamizi mkuu wa madereva na magari, cheo kilekile, mshahara uleule, na uamuzi wa kubadilisha hospitali gari likiwa njiani ni wake kama zamani. Mkurugenzi alilichukua, akaahidi kulituma asubuhi.

Sasa alimpigia. "Bosi, mbona umelikata?"

"Watu hawasomi marefu. La muhimu limo."

"Lililobaki kwake halimo."

"Watamuuliza," alisema mkurugenzi, akakata simu.

Hawakumuuliza. Chiriku alipofika kazini, madereva waliokuwa wakipiga soga uani walinyamaza wote kwa mpigo. Dereva mmoja waliyemwita Breki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga, alimfungulia geti na kumwinamia kama mtumishi. "Karibu, mheshimiwa. Mambo yote yako kwako."

"Breki, magari bado ni ya Kamanda. Nenda kwake kama kawaida."

"Mimi nimesoma tangazo. Halina kawaida."

Na kweli walimletea yote. Tairi limeisha, yeye. Mtungi wa oksijeni haufungi vizuri, yeye. Ruhusa ya kwenda msibani, yeye. Kila aliyemrudisha kwa Kamanda aliondoka akiguna, na Kamanda hakumwona hata mmoja. Mzee alikaa katika chumba chake kidogo cha uani, mlango wazi, redio ya magari imefunguliwa sauti mpaka mwisho, na redio yenyewe haikumwita.

Kabla ya saa sita mke wa Kamanda alimpigia. Chiriku alimwita mama, maana alimlea kazini na nyumbani kwa vyakula na makaripio.

"Mwanangu, nasikia mmemtoa."

"Hatujamtoa, mama. Tumegawana kazi."

"Siku hizi nikimwita haitiki. Namsemesha, ananigeuzia mgongo. Nilidhani nimemuudhi, kumbe ni haya ya kazini. Mmemfanya nini mume wangu?"

Chiriku alifunika macho kwa kiganja. Mama huyu hajui, alijiambia. Hata mkewe hakumwambia. "Mvumilie, mama. Akirudi, kaeni mtazamane, mzungumze taratibu."

"Tutazamane? Sisi ni wachumba?" Aliguna kwa uchungu, akaaga bila kumtakia heri.

Mchana Chiriku alimpelekea Kamanda chai, akasimama mbele yake aione midomo. Mzee hakuigusa.

"Uliniambia simu," alisema. "Hukuniambia na madereva."

"Madereva ni wako, mzee. Mkurugenzi alikata maneno. Nimemlalamikia asubuhi."

"Nilikuamini ufunge mlango, ukaufunga mimi nikiwa nje." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. Chiriku alirudi kwenye meza yake, akavaa vipokea sauti, akampigia mkurugenzi tena. Alikuwa kikaoni.

Mvua ilianza baada ya chakula, nzito, ya kuziba macho. Simu zikafurika. Chiriku alikuwa na mtoto kwenye laini, peke yake nyumbani na bibi yake aliyeacha kupumua, akimwelekeza aweke viganja vyake vidogo katikati ya kifua na kusukuma. "Sukuma kwa nguvu, mwanangu. Usiogope kumuumiza. Hesabu na mimi." Laini ya namna hiyo haiachwi, hata jengo likiwaka.

Wakati huohuo Breki alikuwa kwenye daraja la kwenda hospitali kuu, nyuma amembeba mama mjamzito anayevuja damu. Maji yalikuwa yamepanda juu ya daraja. Ng'ambo hii kulikuwa na hospitali binafsi yenye chumba cha upasuaji, lakini haipokei mgonjwa wa kituo mpaka msimamizi awapigie na kukubali dhamana ya gharama. Jambo hilo Kamanda alilimaliza kila mara kwa sentensi mbili. Breki hakumwita Kamanda. Alikiita chumba cha simu, kwa masafa ambayo redio ya Kamanda haikuyashika.

"Namtaka naibu," alisema kwenye redio.

Msichana aliyepokea alimwona Chiriku akihesabu na mtoto. "Yuko kwenye laini. Subiri kidogo."

"Nasubiri. Amri ni amri."

Akasubiri. Msichana aliandika kwenye karatasi na kuisogeza mbele ya Chiriku, lakini Chiriku alikuwa amefumba macho ili amsikie mtoto. Gari la pili lilipofika kwa bibi, mhudumu akachukua nafasi ya viganja vile vidogo, Chiriku alifumbua macho, akaisoma karatasi, akainuka kwa kasi hata waya ukachomoka.

Alikimbia uani kwenye mvua. Kamanda alikuwa ameupa mlango mgongo. Chiriku alimzunguka, akamshika mabega. "Breki. Daraja limefungwa. Mjamzito, damu."

Kamanda hakuuliza kwa nini hajaitwa. Aliinyanyua redio. "Breki, geuza. Hospitali binafsi, mlango wa nyuma. Daktari wa zamu anapigiwa sasa hivi, dhamana yangu." Kisha akamgeukia Chiriku, taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu kinachoweza kuvunjika: "Mpigie wewe. Yule daktari ni mwanamke. Mimi sitamsikia."

Chiriku alipiga, akilitaja jina la Kamanda. Walipokewa.

Mama aliokolewa. Mtoto wa tumboni hakuokolewa. Habari ililetwa na Breki mwenyewe, amelowa, akasimama kwenye mlango wa chumba cha simu bila kuingia. Hakumtupia mtu lawama. Alikuwa anaisugua mikono kwenye suruali, anaisugua, kana kwamba haikauki.

Mkurugenzi alipotoka kikaoni, alimkuta Chiriku mlangoni kwake. "Nitatuma ufafanuzi," alisema baada ya kusikia yote, na mara hii sauti ilikuwa ndogo.

"Usitume. Niruhusu niseme mwenyewe, zamu zikibadilishana, watu wote wakiwepo na Kamanda akiwepo. Na wewe usimame hapo waone unakubali."

Walikusanyika kwenye banda la magari, zamu inayotoka na inayoingia, mvua ikipiga bati. Chiriku aliongea kwa sauti ya juu, uso wake ameuelekeza upande wa Kamanda.

"Tangazo la asubuhi lilikuwa na upungufu, na upungufu huo leo umetugharimu. Nisikilizeni. Kinachobadilika ni kimoja. Wapokea simu wanawajibika kwangu, na mimi nawajibika kwa mkurugenzi. Basi. Kamanda bado ni msimamizi mkuu. Magari ni yake. Madereva, zamu zenu, ruhusa zenu, mafuta, tairi, ni yeye. Gari likikwama njiani, hospitali ikibadilika, unamwita yeye kwenye redio, siyo mimi, hata mimi nikiwa nimekaa sina kazi. Cheo chake hakijaguswa. Mshahara wake haujaguswa. Hajaadhibiwa."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. "Ndivyo ilivyo. Kosa la maneno lilikuwa langu."

Breki akauliza kutoka nyuma, "Kama hajakosa, simu kanyang'anywa kwa nini?"

Chiriku alimtazama Kamanda. Mzee alikuwa ameinamisha macho, anaangalia maji yanavyopita chini ya viatu vyake. Swali halikumfikia. Kama angetaka kujibu, hakujua kwamba kuna cha kujibiwa. Chiriku alingoja kidogo, akitamani mkurugenzi aseme lolote. Mkurugenzi alikuwa anatazama bati.

"Kazi iligawanywa," alisema Chiriku.

"Na nani aliyetaka igawanywe?"

"Mimi."

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine alisema, siyo kwa kunong'ona sana, kwamba wengine hulelewa ili waje wamle aliyewalea. Chiriku aliyasikia yote. Kusikia ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Kuna swali kuhusu nani anamwita nani?" aliuliza. Halikuwepo. "Basi tufanye kazi."

Aliporudi kwenye meza yake, msichana wa zamu alimsogezea kiti bila kumtazama. Kupitia dirisha aliwaona madereva wakijipanga nje ya chumba cha Kamanda. Breki alikuwa wa mwisho. Alimkuta mzee akitundika ratiba ukutani, akamsemesha mgongoni, mvua bado ikiunguruma. Kamanda aliendelea kutundika. Breki akasema tena, pengine kwa nguvu zaidi, maana mkono ulipanda na kushuka. Kamanda alibonyeza pini ya pili.

Breki hakusema mara ya tatu. Alisimama palepale kwa muda. Kisha akamzunguka mzee, akasimama mbele yake, akalianza neno lake upya, taratibu, kinywa wazi. Kamanda akamjibu.

Akitoka, Breki aligeuza uso kwenye dirisha la chumba cha simu. Chiriku hakuweza kuusoma uso ule. Haukuwa wa msamaha, na yeye hakuwa na nguvu za kuutafuta. Breki alishusha macho, akaenda kuosha gari lake ndani, kule nyuma alikolazwa yule mama, akiwa peke yake.

Taa ya laini ya kwanza iliwaka. Chiriku alivaa vipokea sauti. Mtu alikuwa analia, na Chiriku akamngoja avute pumzi.