Wekundu Usio na Taa

Walimfunga Ombeni kwenye nguzo ya umeme mbele ya studio ya Roda, kwa mipira ile ile wanayofungia mizigo kwenye bodaboda. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Wapita njia walimpiga kwanza, ndipo wakauliza amefanya nini.

"Kamuua Boazi," waliambiwa. "Kamchoma nondo ya kifua jana usiku. Picha ipo."

Picha hiyo ndiyo iliyowaleta kwa Roda. Ezron, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, aliingia akiwa ameshika kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Vidole vyake vilikuwa na damu ya Ombeni.

"Dada Roda, nitolee picha hii, kubwa. Moja ya polisi, moja ya kwao Boazi kule Itaka, nyingine ibaki kijiweni. Kesho asije mtu akasema tulichoma asiyehusika."

Roda alitazama nje. Kijana mmoja alikuwa amekalia kidumu cha petroli, anakula muwa.

"Mnamchoma, halafu mnawapelekea polisi picha?"

"Wewe toa picha, dada. Hukumu tuachie sisi."

Nyuma ya Ezron alisimama Sufiani, muuza vocha na makava ya simu, ambaye kibanda chake kilitazamana na mahali Boazi alipofia. Watu walikuwa wamemwona ameinua simu anapiga picha, na Ezron alipoidai, akaituma kwa bluetooth. Tangu asubuhi vijana walikuwa wakimpigapiga mabegani kwa kumsifu. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka.

Roda aliifungua picha kwenye kompyuta. Boazi alikuwa amelala kwenye lami, pikipiki yake ubavuni. Ombeni alisimama juu yake peke yake, nondo mkononi. Taa za barabarani ziliwamwagia wote rangi ya chungwa.

"Alisema nini huyu?" Roda aliuliza.

"Eti pikapu. Eti ilikuwa imepakia nondo zinachomoza nyuma, ikafunga breki ghafla, Boazi akaziingia. Eti yeye alimkuta na moja kifuani, akaichomoa. Pikapu iko wapi hapo? Nionyeshe."

Nje, mtu alipiga teke na Ombeni akatoa sauti kama ya kikohozi.

Roda aliikuza picha. Kufuta watu ilikuwa kazi yake ya kila wiki. Wanawake walimletea picha za harusi awatoe waume waliowakimbia, na picha za usiku ndizo zilizomsumbua kuliko zote. Simu ikipiga gizani hujaza picha chembechembe za rangi, kama mchanga, na chembe hizo huenea kila mahali. Hapa zilikuwepo angani, ukutani, kwenye shati la Boazi. Lakini mbele ya pikipiki kulikuwa na kipande cha lami kisicho na chembe hata moja, laini kama kimepigwa pasi. Doa la mafuta lililokuwa kando yake lilijirudia ndani yake, umbo lile lile, mara mbili.

Akaongeza mwanga. Kukizunguka kile kipande, wekundu ukajitokeza. Ulikuwa kwenye lami, kwenye bomba la pikipiki, na kwenye suruali ya Ombeni upande mmoja tu, ule unaotazama mahali palipo laini. Pembeni ya kipande hicho ulikatika ghafla, na katikati ikabaki rangi ya chungwa iliyokopwa kwenye lami ya mbali.

"Hapa pamefutwa kitu," alisema.

"Usinichezee."

"Huu wekundu unatoka wapi?"

"Damu hiyo."

"Damu haipakwi upande mmoja wa suruali mpaka kiunoni halafu ikang'aa kwenye bomba. Ingiza pikipiki yako humu ndani."

"Niingize pikipiki studio?"

"Ukitaka picha, ingiza."

Ezron alitii, labda kwa sababu Roda hakupandisha sauti. Alitoka, akaisukuma pikipiki hadi kwenye chumba cha kupigia picha, kisicho na dirisha. Roda alitandika shuka jeupe sakafuni nyuma ya pikipiki, akamwita kijana wa muwa, akamsimamisha hapo, akazima taa.

"Washa swichi. Kanyaga breki."

Shuka likawa jekundu. Suruali ya yule kijana ikawa nyekundu, upande wa pikipiki tu.

"Achia."

Giza.

"Kanyaga tena."

Ezron alikanyaga, akatazama, akaachia. Alirudia bila kuambiwa.

"Sasa niambie," Roda alisema, "kwenye ile picha, taa yenyewe iko wapi? Aliyefuta ameondoa gari. Mwanga wake umebaki juu ya watu."

Ezron aligeuka polepole kumtazama Sufiani, na vijana waliojaa mlangoni wakageuka pamoja naye. Hapo ndipo Roda alipoelewa alichokifanya yeye mwenyewe.

Ngumi ya kwanza ilimwangusha Sufiani juu ya kaunta ya kioo. Kioo kilivunjika naye akiwa juu yake. Wakamvuta kwa miguu hadi nje, na mmoja akamkanyaga mkono ulioshika simu, akazungusha kisigino mpaka vidole vikalia. Roda aliwavuta mashati, akapigwa kiwiko cha mdomo. Alipoona hawezi kuwazuia, alichukua mkasi wa kukatia picha za pasipoti, akazunguka nyuma ya nguzo na kuikata ile mipira.

"Kimbia," alimwambia Ombeni.

Ombeni alijaribu kusimama, akaanguka kwa magoti. Petroli ilikuwa imeshaanza kumwagwa juu ya Sufiani. Alitambaa katikati ya miguu ya watu hadi alipolala Sufiani, akajilaza juu yake, na petroli ikammwagikia mgongoni na kwenye sikio lililochanika. Hapo akapiga ukelele ambao hakuupiga asubuhi yote.

"Toka, Ombeni," Ezron alisema. "Huyu ndiye kakuponza."

"Gari nililiona. Dereva sikumwona." Alihema. "Huyu anamjua. Mkimchoma, aliyemuua Boazi analala kwake leo."

"Toka, nakwambia."

"Asubuhi hukunisikia. Sasa nisikie."

Mwenye kiberiti alimtazama Ezron. Ezron alikinyakua, akakibana ndani ya kiganja.

"Gari la nani?" aliuliza.

Chini ya Ombeni, Sufiani alilia kama mtoto. "La kaka. La Twaibu. Wallahi nilipiga kabla sijalitambua. Nikasema nifute gari tu. Sikuangalia anabaki nani."

"Ulimwona amefungwa hapa toka asubuhi," Roda alisema. Damu ilikuwa ikimtoka mdomoni. "Ulimwona."

Sufiani alisema kwamba picha ya awali bado ipo, kwani programu aliyofutia gari huhifadhi nakala pembeni. Akataja namba ya kufungulia simu. Vidole vyake havikuweza kubonyeza, Roda akabonyeza.

Kioo cha simu kilikuwa na nyufa, lakini picha ilionekana. Boazi, pikipiki, Ombeni na nondo. Mbele yao pikapu nyeupe, taa zake mbili za breki zikiwaka, nondo zimechomoza nyuma kama miiba ya nungunungu, na mlango wa dereva umefunguliwa nusu. Simu ilipita mkono hadi mkono. Aliyeipokea alitazama, akampa mwenzake, akarudi nyuma kidogo. Aliyekuwa ameshika kidumu alikifunga.

"Ita bajaji mbili," Ezron aliwaambia vijana. "Huyu polisi, na simu yake. Akiguswa njiani, mtanijibu mimi. Ombeni hospitali."

Alivua shati lake, akapiga magoti ili amfute Ombeni petroli machoni. Ombeni aliusukuma ule mkono. Ezron hakuondoka. Alibaki amepiga magoti, shati mkononi, mpaka Roda alipoleta ndoo ya maji na kuiweka kati yao. Ezron alilichovya shati, akalikamua, akangoja.

Baada ya muda Ombeni alimgeuzia uso.

"Polepole hapo sikioni," alisema.