Swali la Kumi na Nne

Mwalimu Mkuu Ambrose alilisoma andalio la somo mpaka mwisho, akachukua kalamu nyekundu na kukata sehemu ya nne.

"Hii ya maswali iache," alisema. "Fundisha usafi, gawa taulo za kike, watoto waende darasani. Ukiwaruhusu kuuliza, wataulizana mambo ya wanaume, na jioni wazazi watajaa hapa."

Mwalimu Placidia ndiye aliyekuwa mlezi wa wasichana. Alikuwa ameliandika andalio hilo kwa siku tatu: dakika kumi na tano juu ya mwili na mzunguko wa hedhi, ishirini juu ya usafi, kumi za kuonyesha namna ya kufua na kuanika taulo za kitambaa, na ishirini na tano za maswali, yaandikwe kwenye vikaratasi bila jina.

"Mwalimu, mengine yote naweza kuyapunguza," alijibu. "Hiyo siwezi. Bila maswali nitakuwa nawasomea tu."

Ambrose akasukuma karatasi upande wake. "Basi likiharibika, ni lako."

Siku ya Alhamisi wasichana hamsini na wanane wa darasa la sita na la saba waliingia katika chumba cha mwisho, kile kinachopakana na shamba la migomba. Nesi Deodatha alikuwa amefika kwa bodaboda kutoka zahanati ya kata, na mkoba wake wenye kipimo cha presha. Madirisha yalifungwa, maana wavulana walikuwa uwanjani.

Somo lilianza vizuri. Placidia alieleza kwamba hedhi kwa kawaida huchukua siku mbili hadi saba, na kwamba kwa msichana anayeanza, mzunguko unaweza kurukaruka mwaka wa kwanza na wa pili. Deodatha alionyesha kubadilisha taulo kila baada ya saa nne hadi sita, kunawa mikono kabla na baada, kujisafisha kwa maji kuanzia mbele kwenda nyuma, na kutoingiza sabuni ndani ya uke.

"Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa," alisema. "Si chini ya godoro. Chini ya godoro hakikauki, kinakuletea muwasho na maambukizi."

Wasichana walicheka kwa aibu. Wengi walikuwa wanaanika chini ya godoro.

Placidia akawaahidi kwamba hakuna atakayetafutwa kwa alichoandika, kisha wakaandika. Vikaratasi vikakunjwa, vikatiwa katika boksi la chaki, na Placidia akaanza kutoa kimoja kimoja.

"'Ni kweli nikiwa kwenye hedhi nisiingie shambani kwa sababu maharage yatakauka?'"

"Si kweli," alisema Deodatha. "Damu yako haikaushi maharage. Ukijisikia una nguvu, ingia."

"'Tumbo linaniuma mpaka nashindwa kuja shule.'"

"Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, weka chini ya kitovu. Na dawa ya maumivu kwa kipimo utakachoelekezwa zahanati. Lakini maumivu yakikuzuia shule kila mwezi, njoo nikuone."

"'Taulo iliyotumika nitupe chooni?'"

"Hapana, choo kitaziba na kujaa upesi. Ifunge kwenye karatasi, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, ikachomwe kwenye kichomeo."

Swali la kumi na nne Placidia alilifungua, akaanza kulisoma, akanyamaza. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa penseli.

*Leo siku ya kumi na mbili. Nalowesha kitambaa kila saa. Nikisimama naona giza. Wakijua watasema nimetoa mimba. Sijawahi kulala na mwanamume.*

Alimwonyesha Deodatha karatasi. Nesi aliisoma, uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulitafuta mkoba.

"Hili nitalijibu," alisema kwa sauti ile ile ya mwanzo. "Damu ikizidi siku saba, au ikilowesha taulo kila saa, au ukisikia kizunguzungu, si ya kusubiri. Ni ugonjwa na una tiba. Si kosa lako. Aliyeandika aninyooshee mkono tu baadaye, nikiwa peke yangu."

Hakuna aliyejitikisa. Kila mmoja alitazama mgongo wa mwenzake. Miaka miwili kabla, msichana mmoja aliyeanguka kwenye gwaride la asubuhi alisemwa kijiji kizima kwamba ametoa mimba, mpaka akahama shule. Wote walikumbuka.

Placidia alitoka mlangoni kupumua, akamkuta Ambrose. Alikuwa amesikia ukimya.

"Kuna nini?"

Alimweleza kwa kifupi. Ambrose alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi. Tutalinganisha na madaftari, dakika kumi tumempata. Au wapangwe mstari, nesi awapime mimba wote."

"Nimewaahidi hakuna atakayetafutwa."

"Akifa humu ndani, ahadi yako itamsaidia nini?"

Placidia aliikunja karatasi kiganjani. Mtoto alikuwa anavuja damu nyuma ya ukuta ule, na kila dakika ya ubishi ilikuwa ya uhai wake. Lakini akimwita kwa mwandiko, angeweza kuruka dirishani na kuingia migombani, na hapo nani angempata?

"Nipe robo saa," alisema. "Bado hatujagawa taulo. Kila mmoja atapita kwa nesi peke yake, nyuma ya pazia. Nesi atamwangalia kope na viganja, wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyepungukiwa damu ataonekana bila kutajwa."

Ambrose alitazama saa yake. "Robo saa. Baada ya hapo naleta madaftari."

Walitundika kanga mbili kwenye kona. Wasichana walipita haraka: Deodatha akivuta kope ya chini, akitazama kiganja, akimpa kila mmoja pakiti, akinong'ona, "Una lolote?" Waliopita walitokea mlango wa pili. Placidia aliwahesabu. Arobaini. Hamsini. Hamsini na saba.

"Nani amebaki?" aliuliza Deodatha nyuma ya pazia.

Alikuwa Nikuze wa darasa la sita, dawati la nyuma, sweta amelifunga kiunoni. Hakuwa amesimama tangu somo lianze.

Placidia aliketi kando yake. "Twende pamoja."

"Madam, siwezi," alinong'ona mtoto. "Nikisimama, benchi litaonekana."

"Hakuna wa kuliona. Tumebaki sisi watatu."

Nikuze alisimama, midomo yake myeupe, akapiga hatua mbili na kumwangukia kifuani. Deodatha alikimbia kutoka ile kona, akamlaza sakafuni, akainua miguu yake juu ya mkoba. Mapigo ya moyo yalikuwa mia na thelathini, presha iko chini. Alimpigia dereva wa gari la wagonjwa, kisha akasema, "Na mama yake aitwe, haraka."

Ambrose aliingia. Alipoliona benchi, alivua koti lake akalifunika.

"Ana mimba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mgonjwa," alisema Deodatha. "Mengine ni yake na mama yake."

Mwalimu Mkuu alitoka. Alikwenda mwenyewe uwanjani akawaondoa wavulana wote, gari lipate kufika mlangoni.

Hospitalini wingi wa damu ya Nikuze ulisoma tano, penye kutakiwa kumi na mbili. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Aliongezewa chupa mbili za damu na kupewa dawa ya kuzuia damu. Asubuhi yake mama yake, Mukabera, aliketi ukingoni mwa kitanda akiwa na ndizi zilizopikwa ambazo hakuna aliyezigusa, na daktari akamuuliza kama mtoto hutokwa damu puani, au akijikata huchukua muda kukauka.

"Puani, ndiyo, tangu mdogo," alisema Mukabera. "Na mimi hivyo hivyo. Nilipomzaa huyu walinifunika, walidhani nimekwisha. Mama yangu alikuwa anakaa ndani siku kumi kila mwezi. Kwetu wanawake tuko hivyo, daktari. Sikujua kwamba kuna wasio hivyo."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Alisema huenda damu yao inachelewa kuganda, na sampuli itapelekwa hospitali kubwa kuthibitisha.

Placidia, aliyekuwa amesimama dirishani, alimwona Mukabera akigeuka polepole kumwangalia.

"Mwalimu," alisema, "mdogo wake Nikuze, wa kike, ana miaka kumi. Naye nimlete lini apimwe?"