Meno ya Chausiku

Chausiku alianza kula upande mmoja mwaka ule ambao mvua ya masika ilichelewa Kisumu. Subira alimwona paka wake huyo akimchukua samaki, akiinamisha kichwa, akitafuna kwa taya la kushoto, kisha akimwachia ghafla na kuruka nyuma kama aliyeungua. Njaa alikuwa nayo. Kila sahani ilipowekwa aliikimbilia, akaisimamia, akaitazama, akaenda zake. Mate yalimning'inia kidevuni, na kinywa kilinuka hata Subira, akiwa barazani kwenye cherehani, alijua paka amekuja kabla hajamwona.

Subira alikuwa fundi wa nguo huko Kaloleni, mjane asiye na mtoto. Mumewe, Mbarak, aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, akapasuliwe ngiri, na dawa ya usingizi haikumrudisha. Waliobaki nyumbani walikuwa paka wawili: Chausiku, mweusi, mtu mzima, na binti yake Shaba, mwenye manyoya ya rangi ya jina lake.

"Mpe omena kavu," alishauri Beldina, jirani yake muuza samaki. "Ile mifupa itamsugua meno."

Subira akampa dagaa hao. Omena zikakauka zaidi sahanini, mwishowe Shaba akazila.

Basi akamfunga Chausiku kwenye kikapu, akampeleka kwa daktari wa mifugo, Laban Ogola, aliyekuwa na zahanati kwenye nyumba ya zamani, njia ya kupandia Milimani. Laban alikuwa ametibu ng'ombe wa Asembo Bay kwa miaka mingi. Sasa wagonjwa wake wengi walikuwa mbwa wa kulinda majumba ya wakubwa. Alimshika Chausiku kichwa, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba.

"Angalia hapa, mama."

Meno ya nyuma yalikuwa yamevaa gamba la kahawia. Fizi zilikuwa nyekundu kama nyama mbichi, na alipozigusa kwa pamba, pamba ilitoka na damu. Jino moja lilicheza.

"Hii ni ukoga," Laban alisema. "Ikianza ni utando laini tu, kidole inatoa. Ukiiacha siku chache, mate inaigeuza jiwe. Fizi inavimba. Halafu uchafu inaingia chini ya fizi na kula mfupa inashika jino. Huyu amefika huko. Nitamlaza na sindano, nikwangue, na yale meno yamelegea nitoe."

"Umlaze usingizi?"

"Hakuna paka atakubali hii kazi akiwa macho."

Subira alimfunika Chausiku kwa leso. "Nitamsafisha mwenyewe nyumbani."

Laban hakubishana. Alikuwa amezoea kubishana na wenye ng'ombe, na alijua faida yake ilivyo ndogo. "Kusafisha nyumbani ni kuzuri, mama. Lakini inazuia, haitengenezi. Na saa hii ukimsugua utamuumiza tu." Akamdunga paka sindano ya kuua vijidudu. "Hii itapunguza uvimbe kwa muda. Haitamaliza."

Siku zile za sindano Chausiku alikula vizuri, na Subira akajiambia kwamba madaktari wote ni walewale, wanapenda visu. Kisha mate yakarudi.

Asubuhi moja alimviringisha paka katika leso, akambana mapajani, na kwa ukucha wa kidole gumba akaanza kubandua lile gamba. Chausiku alilia sauti ambayo hakuwa amewahi kuilia. Subira aliendelea. Kipande kikaachia, kikubwa kama punje ya mchele, na chini yake jino likatokea jeupe, linang'aa. Akambandua na kingine. Alipomaliza jino hilo, alimwita Beldina kutoka nje.

"Njoo uone! Kama la mtoto!"

Beldina akaja, akatazama, akakubali kuwa ni jeupe. Akaona pia damu kwenye leso, lakini hakuitaja.

Jioni Chausiku hakuisogelea sahani. Alijibanza nyuma ya marobota ya vitambaa, na tangu siku hiyo kila mkono wa Subira uliponyooka, yeye alitoweka. Haukupita muda mrefu, uvimbe ukamtokea chini ya jicho, upande uleule wa jino jeupe.

"Subira," Beldina alisema, akiwa amesimama mlangoni na beseni lake la samaki, "mrudishe kwa daktari."

"Mbarak aliingia mle mzima, Beldina."

"Najua. Nililia na wewe. Lakini huyu anakufa njaa mbele ya sahani."

Subira alimalizia pindo la nguo iliyokuwa kwenye cherehani. Kisha akaenda kutafuta kikapu.

"Ataamka?" Subira alimuuliza Laban kule zahanati.

Laban alikuwa amekwisha kumsikiliza paka moyo na mapafu. "Siwezi kukuapia. Hatari iko. Lakini kumwacha hivi, hatari ni kubwa zaidi."

"Nitakaa humu ndani."

"Kaa, mama. Usiguse tu."

Dawa ilimshika Chausiku akiwa macho wazi. Subira hakuwa ameambiwa kwamba paka hulala hivyo, na alilazimika kutazama ukutani mpaka Laban alipomweleza kwamba ni kawaida ya dawa ile, na kumwonyesha ubavu ukipanda na kushuka. Baada ya hapo alitazama ubavu tu. Alisikia chuma kikikwaruza, vipande vikidondoka kwenye kisahani.

"Njoo uone hili," Laban alisema. "Ndilo ulisafisha."

Jino lilikuwa bado jeupe. Laban alishika kijichuma chembamba, akakipenyeza kando yake, nacho kikazama chini ya fizi mbali kuliko Subira alivyodhani kungekuwa na nafasi. Usaha ukafuata.

"Juu ni safi. Ugonjwa uko huku. Ukucha haifiki."

Alilitoa lile, na mengine yaliyokuwa yamepoteza mfupa. Subira alikumbuka sauti ya paka asubuhi ile mapajani mwake.

Chausiku aliamka polepole, kichwa kikiyumba, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Subira alipoona amesimama, aliketi mwenyewe kwenye sakafu ya zahanati, mgongo ukutani, na alikaa hapo mpaka Laban alipomletea kiti.

Nyumbani alimpondea samaki asiye na miiba, laini kama uji. Siku iliyofuata Chausiku alilamba sahani mpaka ikateleza sakafuni.

Vidonda vilipopona, Laban aliwatazama paka wote wawili. Kwenye fizi za Shaba kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, pembeni mwa meno. "Huyu mfupa wake bado mzima," alisema. "Nitamlaza, nimkwangue hii kidogo ameanza nayo, halafu kazi ni yako. Kitambaa laini, maji, kidole. Upande wa nje wa meno, kila siku, maana utando unarudi kila siku. Anza na mchuzi wa samaki kwa kidole, azoee. Dawa ya meno ya watu usitie, paka hatemi, anameza."

Shaba aliamka salama, na kitambaa akakizoea. Kwanza alilamba mchuzi, baadaye akavumilia kitambaa, na baada ya wiki kadhaa ule mstari ulififia, fizi zikawa na rangi ya waridi.

Chausiku alikataa. Subira alijaribu kwa mchuzi, kwa upole, kwa kusubiri. Paka alimng'ata, kisha akamkimbia. Akaacha. Aliona ni afadhali kinywa kisichosuguliwa kuliko paka asiyemsogelea. Laban, alipoambiwa, alisema hivyo ndivyo ilivyo kwa wengine, na kwamba meno yaliyobaki yatahitaji kukwanguliwa tena siku moja.

"Utaniambia ni lini," Subira alisema, akafunga kikapu.