Kifurushi cha Mama Anitha

Kifurushi chenyewe kilikuwa kidogo, ukubwa wa tofali la kuchoma, na kilikaa juu ya rafu nyuma ya dirisha la posta mjini Dodoma bila wasiwasi wowote. Mwenye wasiwasi alikuwa upande wa pili wa kioo.

"Shikamoo mama," alisema Hilda, karani wa vifurushi.

"Marahaba mwanangu. Nimefuata mzigo wangu." Akasukuma karatasi ya taarifa chini ya kioo, na kitambulisho cha taifa juu yake.

Hilda akatazama karatasi, akatazama kitambulisho, kisha akageuka kutazama kifurushi kana kwamba kinaweza kumsaidia.

"Mama, hapa kuna Raheli Yohana Mazengo."

"Ndiye mimi."

"Kifurushi ni cha Mama Anitha."

"Naye ndiye mimi."

Hilda alikuwa binti mpole, lakini upole haukuwa miongoni mwa nyaraka zinazotoa mzigo. Akaeleza kwamba jina la mpokeaji lazima lilingane na kitambulisho, au pawe na barua inayounganisha majina hayo mawili. Mama Anitha wako wengi. Yeye mwenyewe anao wawili katika ukoo wao, na mmoja hasalimiani na mama yake.

"Basi niruhusu nipige picha huo mzigo, nikamwonyeshe mtu anayejua kusoma mambo haya."

Hilda akakigeuza kifurushi, upande wenye makaratasi ukaelekea kioo. Raheli akapiga picha moja kwa haraka, kama mtu anayepiga picha ng'ombe kabla hajaondoka.

Tuseme mapema kilichokuwa ndani, maana Raheli mwenyewe alikijua. Ni sindano za mashine ya kufumia masweta. Mashine yake, ya mkono na ya Kijapani, ilikuwa na nafasi za sindano mia mbili, na zilizobaki nzima ni sitini. Kwa sindano sitini mtu hufuma kofia za watoto wachanga, na Chamwino, kijijini kwake, haizai kwa kasi hiyo. Shule ya msingi ilikuwa imemwahidi oda ya masweta mia na arobaini ya wanafunzi wa kuanza Januari. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: kama hadi Krismasi haoni sweta hata moja, anaagiza kiwandani, na mwaka kesho hatamsumbua tena.

Sindano hizo hazitengenezwi tena. Aliyezipata ni Aneth, binti wa jirani, anayesomea uuguzi Ujerumani. Alizikuta kwenye mnada wa vitu vya bibi mmoja marehemu, akazifunga, akazituma kama zawadi. Kwenye nafasi ya mpokeaji aliandika jina analolijua tangu akiwa anatambaa. Lingine hajawahi kulisikia. Nani Chamwino humwita mama wa mtu kwa jina alilobatizwa?

*

Ng'ambo ya barabara palikuwa na steshenari ya Kefa. Zamani Kefa alifanya kazi bandarini Dar es Salaam kwa wakala wa kutoa mizigo, hadi siku wakala alipotoweka na mizigo, na Kefa akabaki kuwaeleza wenye mali. Alirudi Dodoma na meno mawili pungufu na elimu kamili ya makaratasi ya forodha.

"Dada, hii ni picha au umepigia kwenye ukungu?"

"Soma, kaka Kefa. Huo ni mwanga wa kwenye nailoni."

"Na hiki hapa pembeni ni Mlima Kilimanjaro?"

"Kidole changu."

"Kikubwa, hongera." Akavaa miwani. "Tuanze juu. Hii namba ndefu, CP mwanzoni na DE mwishoni, ndiyo ya kufuatilia. CP ni kifurushi, DE ni Ujerumani kilikotoka. Mtumaji, Aneth na anuani yake. Mpokeaji, Mama Anitha, S.L.P. ya Mwalimu Nathanaeli, Chamwino. Na namba ya simu. Ya nani hii, inaishia sifuri nne tisa?"

"Yangu."

"Vizuri, hiyo itatufaa." Kidole chake kikateremka. "Sasa tamko la forodha. Aina ya mzigo: ametia alama kwenye zawadi. Kilichomo, kaandika Kijerumani, mtoto huyu! Lakini pembeni kaweka namba ya ushuru, 8448.51. Hiyo haina lugha. Ukiipeleka China, ukiipeleka Marekani, ni sindano na vifaa vya mashine za kufuma. Idadi mia na hamsini. Uzito halisi, gramu mia tatu na kumi. Thamani, yuro thelathini na nane. Nchi ya asili, Japani."

"Japani? Si umesema Ujerumani?"

"Zimetumwa kutoka Ujerumani, zimetengenezwa Japani. Wewe ukimpelekea shangazi yako Kibakwe kitenge cha China, shangazi amekuwa Mchina?"

"Shangazi yangu hawezi kuwa chochote zaidi ya alivyo," alisema Raheli. "Na huu muhuri?"

"Watu wa forodha wameshakiona na kukadiria, hakidaiwi kitu. Kwa hiyo tatizo lako ni jina tu. Njia ya kwanza, Aneth aende posta kwao aombe kurekebisha anuani. Ombi litasafiri mpaka lifike hapa, wiki kadhaa. Njia ya pili, mtendaji wa kijiji akuandikie barua kwamba Raheli ndiye Mama Anitha. Mzigo haukimbii. Nenda kapumzike."

Raheli akashusha pumzi, akanyoosha mkono achukue simu. Kefa hakuiachia. Alikuwa ameivuta picha ikawa kubwa, pale penye kidole na mwanga, na utani ukamtoka usoni.

"Dada. Kifurushi kilifika Dodoma lini?"

"Karatasi inasema tarehe mbili."

"Leo kumi na tano. Ulikuwa wapi?"

Alikuwa nyumbani, akifuma kofia. Karatasi ya taarifa ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku la posta la Mwalimu Nathanaeli, na mtaa mzima hutumia sanduku hilo, na ufunguo ni mmoja, nao ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu Nathanaeli, naye alikuwa Gulwe kwenye msiba.

"Angalia hapa, chini ya huo mlima wako. Hapa mtumaji anaulizwa: kisipochukuliwa, tukifanyeje? Kuna kukiacha kitupwe, kuna kukirudisha mara moja, kuna kukirudisha baada ya siku kadhaa. Aneth kachagua kirudi, na siku kaandika kumi na tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumatano kinaanza safari ya kurudi kwao."

Kefa akamchapia ile picha, akaikunja, akamkabidhi.

*

Jumanne asubuhi ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa. Mvua ilinyesha usiku wa Jumapili, na mvua ikinyesha Chamwino serikali yote huhamia shambani. Raheli alimkuta mtendaji, kijana aitwaye Meshack, akipanda alizeti, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo Mama Anitha."

"Marahaba. Nataka barua."

"Ya nini?"

"Ya kwamba mimi ni Mama Anitha."

Meshack akaegemea jembe. "Mama, kuna mtu anabisha?"

Akaelezwa. Akaonyeshwa karatasi ya Kefa. Akaiangalia kwa heshima kubwa, juu chini, kisha chini juu.

"Na Raheli Yohana ni nani?"

"Mimi!"

"Ahaa. Miaka minne niko hapa, ndiyo leo nasikia." Akakung'uta udongo mikononi. "Shida yangu, mama, siwezi kuandika nisilolijua. Ninayemjua ni Mama Anitha. Huyo Raheli nimekutana naye leo, kwenye kitambulisho. Tukaangalie daftari la wakazi. Likisema Raheli ni mama yake Anitha, nakuandikia."

Walitembea hadi ofisini. Meshack akafungua kabati, akatoa daftari kuukuu lililoliwa pembe na mchwa, akatafuta kaya. Akaipata. Mkuu wa kaya, Silvano Chidong'oi, marehemu mume wa Raheli. Mtoto, Anitha. Na kwenye safu ya mke, kwa mwandiko mzuri wa mtendaji aliyepita, paliandikwa: Mama Anitha.

Meshack akacheka kwa sauti. "Hata serikali haikujui!"

Raheli hakucheka. Meshack, kijana mwenye kupenda usafi wa kumbukumbu, akatoa kalamu.

"Ngoja nikurekebishie kabisa. Nafuta hapa, naandika Raheli Yohana Mazengo, halafu nakupa barua."

Kalamu ilishagusa karatasi Raheli alipomkamata mkono.

"Usifute!"

"Mama, ni kosa."

"Mwanangu, hilo kosa ndilo ninalolihitaji. Jana nimefukuzwa kwa sababu hakuna karatasi ya serikali inayoniita Mama Anitha. Hii hapa. Mke wa Silvano, Mama Anitha, mwaka 2009, kabla Aneth hajajua hata kushika kalamu. Na kwenye kitambulisho changu soma hapa, na hiki cheti cha ndoa cha kanisani: Raheli Yohana Mazengo, mke wa nani?"

Meshack akasoma. "Silvano Chidong'oi."

"Silvano alikuwa na wake wangapi?"

"Kwa daftari hili, mmoja."

"Na kwa uhai wake pia, nilihakikisha. Andika."

Meshack aliandika barua kwa mkono, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo: kwamba Raheli Yohana Mazengo, mjane wa Silvano Chidong'oi, ndiye yuleyule aliyeandikwa katika daftari la kijiji kwa jina la Mama Anitha. Akapiga picha ukurasa ule, akaichapisha kwa mashine ya shule, akagonga muhuri kote kuwili. Muhuri wa pili aliugonga kwa nguvu hadi wino ukarukia shati.

*

Jumatano, saa mbili na dakika tano, Raheli alikuwa wa kwanza dirishani. Rafu ile ilikuwa tupu.

"Kiko wapi?"

"Shikamoo mama," alisema Hilda. Kifurushi kilikuwa chini ya meza, ndani ya gunia la vinavyorudishwa. Mdomo wa gunia ulikuwa haujafungwa bado.

Hilda alisoma barua mara mbili. Akasoma ukurasa wa daftari. Akaangalia cheti cha ndoa. Kisha akaichukua simu ya mezani na kubonyeza namba iliyoandikwa kwenye lebo, na ndani ya mkoba wa Raheli kwaya ya kanisa ikaanza kuimba.

"Pokea, mama."

"Haloo?" alisema Raheli, akimtazama Hilda kupitia kioo.

"Naongea na Mama Anitha?"

"Ndiye."

"Una mzigo wako hapa posta. Njoo na kitambulisho." Hilda akakata simu, akachomoa kifurushi kwenye gunia, akasukuma kitabu cha saini. "Hapa saini kama ilivyo kwenye kitambulisho."

Aliandika jina la Raheli polepole. Ilikuwa imepita miaka bila yeye kuliandika jina hilo.

Usiku huo alichomeka sindano mia na arobaini, moja moja, akabakiza kumi za akiba. Ijumaa alipeleka kwa mwalimu mkuu sweta moja la kijani, bado lina joto la pasi. Mwalimu mkuu akalivuta mabega, akaligeuza ndani nje, akafungua daftari lake la oda.

"Masweta mia na arobaini," alisema, huku akiandika. "Niandike jina gani hapa?"

Raheli alifikiri kidogo.

"Andika yote mawili."